Birika Moja, Oda Mbili

Habari za mchana, ndugu zangu. Tuanzie kwenye rafu. Kuna birika moja ya umeme, ya lita 1.7, nyeusi, na ndiyo ya mwisho. Mwenye duka yuko Nairobi. Birika hiyo ameiweka Jumia, ameiweka Kilimall, na ipo pia kwenye tovuti yake inayoendeshwa na WooCommerce. Kote inaonekana imebaki moja. Saa mbili na dakika nne usiku mteja wa Jumia anaagiza. Saa mbili na dakika tisa mteja wa tovuti anaagiza na kulipa kwa M-Pesa. Programu inayosawazisha hesabu hupita kila baada ya dakika 15, na zamu yake inayofuata ni saa mbili na robo. Ikifika, inakuta oda mbili na birika ile ile moja.

Hapo hakuna aliyekosea kuandika wala mtumishi aliyezembea. Kilichotokea ni kwamba soko moja liliuza, na kwa dakika kumi na moja masoko mengine mawili yakaendelea kuonyesha kitu ambacho hakipo. Kipindi hicho mimi nakiita mwanya. Kila ninachosema leo kinahusu kuufupisha, na pale usipofupika, kuacha nafasi ya kuuvumilia.

Tuupime. Tuseme birika hizi zinatoka 24 kwa siku, nane kila soko. Ile ya mwisho ikiuzwa Jumia, swali ni moja tu: kuna uwezekano gani kwamba Kilimall au tovuti itauza kabla hesabu haijafika? Kila soko linauza moja kwa saa tatu, kwa hiyo ndani ya robo saa uwezekano wake ni kama 8 kwa 100. Kwa masoko mawili yaliyobaki inakuwa kama 15 kwa 100. Hiyo ni kwa mauzo yaliyotawanyika sawasawa mchana na usiku, jambo ambalo halipo. Watu hununua jioni wakiwa wametulia na simu. Mauzo yakienda mara tatu ya kawaida, uwezekano unapanda hadi karibu 39 kwa 100. Na hesabu hiyo huchukulia kwamba umesubiri robo saa nzima. Ukikaribia zamu ya programu, hatari inapungua.

Sasa weka akiba ya birika moja, yaani kila soko lione idadi iliyopo ukitoa moja. Rafuni zikiwa mbili, kila soko linaona moja. Jumia ikiuza, ili upungukiwe lazima Kilimall na tovuti zote mbili ziuze ndani ya robo saa hiyo hiyo. Jioni ile yenye pilikapilika, 39 inashuka hadi kama 5 kwa 100. Saa za kawaida inashuka chini ya 1. Ukiweka akiba ya mbili, rafuni kunakuwa na tatu wakati kila soko linaona moja, na hata masoko yote matatu yakiuza kwa dakika moja kila mteja ana birika yake. Ndiyo maana kwa bidhaa inayotoka moja moja kanuni ni rahisi: idadi ya masoko, toa moja. Masoko matatu, akiba mbili. Kwa bidhaa inayotoka kumi kwa robo saa kanuni hiyo haitoshi. Hapo angalia mauzo ya robo saa yako yenye pilikapilika kuliko zote, na uanzie hapo.

Najua mtu atauliza: hizo mbili zikae tu vumbini? Hapana. Zikibaki hizo, bidhaa ifunge kwenye masoko mawili na uiache kwenye moja tu, lile linalolipa vizuri. Soko likiwa moja hakuna wa kugongana naye, na akiba inakuwa sifuri.

Hesabu yenyewe iwe na nguzo tatu: kilichopo rafuni, kilichoahidiwa, na akiba. Kwenye jedwali la kawaida, ukiweka hivyo vitatu kwenye B, C na D, idadi ya kupeleka sokoni ni hii:

```
=MAX(0, B2-C2-D2)
```

Nguzo ya kilichoahidiwa ndiyo inayowashinda wengi. Birika huahidiwa pale oda inapoingia, si pale kifurushi kinapokabidhiwa kwa mtu wa bodaboda. Ukisubiri kupunguza hadi kifurushi kiondoke, mwanya wako si robo saa tena, ni siku nzima. Oda ya kulipa mlangoni nayo ni ahadi, ingawa hujaona hata shilingi. Na kuna ile ya WhatsApp: "niwekee, nakuja jioni." Kama umemjibu "sawa", umeahidi, andika. Lakini iandikie na saa ya kuisha, maana wengine jioni yao haifiki.

Oda ambayo haijalipwa ina utata wake. WooCommerce ina kipengele kinachoitwa `Hold stock (minutes)`, kwenye mipangilio ya bidhaa chini ya `Inventory`, na huja kikiwa dakika 60. Oda inayosubiri malipo hushikilia bidhaa kwa muda huo, kisha hufutwa. Kama wateja wako wanaletewa ombi la M-Pesa kwenye simu na kuweka namba ya siri palepale, saa nzima ni ndefu mno, dakika 20 zinatosha. Kama wanaandika wenyewe namba ya Paybill na wewe unathibitisha kwa mkono, usipunguze, la sivyo oda itafutwa na mtu ameshalipa. Kosa hilo ni la mlango mwingine, ila mteja analilia vilevile.

Kaunta nayo ni soko. Duka lenye masoko matatu ya mtandaoni na kaunta lina masoko manne, na mara nyingi kaunta ndiyo yenye mwanya mrefu kuliko yote, kwa sababu mauzo yake huingizwa jioni wakati wa kufunga hesabu. Ama uuze kaunta kwa kurekodi kabla ya kukabidhi, ama utenge rafu mbili na birika za kaunta zisihesabiwe kabisa mtandaoni. La pili ni la kizamani, lakini kwa duka lenye mhudumu mmoja na foleni ndilo ningelichagua. Vivyo hivyo mzigo uliopelekwa kwenye ghala la soko lenyewe, kama ule wa Jumia Express: usiuchanganye na wa rafuni. Mteja wa tovuti yako hawezi kupewa birika iliyolala kwenye ghala la watu wengine.

Sasa niwaonyeshe kosa moja kwa karibu, maana hili akiba haiwezi kuliziba. Asubuhi saa tatu mhudumu anapakua faili la bidhaa ili abadilishe bei. Birika ni 5. Anabadilisha bei mia mbili, anakunywa chai, saa nne kasorobo analipandisha faili. Katikati hapo zimeuzwa tatu na soko lilikuwa limeshapunguza hadi 2. Faili linasema 5, na soko linaamini faili. Birika tatu zimefufuka. Dalili yake ni hii: idadi inapanda bila mzigo mpya kuingia wala bidhaa kurudishwa. Ukiona hivyo, usitafute mwizi, tafuta faili. Dawa ni kuifuta nguzo ya idadi kabla ya kupandisha faili la bei. Kama soko halikubali faili lisilo na nguzo hiyo, pakua upya, badilisha na upandishe ndani ya dakika chache, saa ambayo hakuna mauzo.

Seti nazo zina mtego. Ukiuza birika peke yake, na pia birika na vikombe sita kama seti, seti isipewe idadi yake ya kuandikwa kwa mkono. Idadi yake hutokana na vilivyomo. Kama birika ziko B2 na vikombe B3:

```
=MIN(B2, INT(B3/6))
```

Birika 4 na vikombe 17 ni seti 2, si 4. Na seti moja ikiuzwa, birika moja na vikombe sita vinapungua kila mahali vinapouzwa.

Kwa wanaojiandikia programu, nitagusa jambo moja tu. Kosa la kawaida ni kusoma idadi, kuona ni 1, kisha kuandika 0. Oda mbili zikifika pamoja, zote husoma 1, zote huandika 0, na mfumo wako unaona kila kitu ni sawa. Ukaguzi na upunguzaji viwe amri moja:

```sql
UPDATE stoo
SET kilichopo = kilichopo - 1
WHERE sku = 'BRK-17-NYE' AND kilichopo >= 1;
```

Kisha angalia safu ngapi zimebadilika. Ikiwa 1, oda imepata. Ikiwa 0, imekosa, na uijue palepale. Hifadhi pia namba ya oda, kwa sababu taarifa ya oda moja huweza kutumwa mara mbili, na bila namba utapunguza mara mbili. Hapo hutauza kupita kiasi, lakini utafunga duka na mzigo ungali rafuni.

Na bidhaa iliyorudishwa? Isiongezwe hadi ifunguliwe na ichomekwe kwenye umeme. Birika iliyokataliwa mlangoni inaweza kuwa haijaguswa, inaweza pia kuwa imepasuka kitako.

Pamoja na yote haya, siku moja oda mbili zitagongana. Hapo kwanza punguza hasara: funga bidhaa kila mahali kwa mkono kabla hujampigia mtu yeyote, ili isije ya tatu. Pili, amua ni oda ipi inayotimizwa. Wengi humpa aliyelipa kwanza, na ni haki. Lakini angalia pia adhabu. Amazon inamtaka muuzaji anayesafirisha mwenyewe awe na ufutaji wa oda usiofika asilimia 2.5, na eBay huhesabu oda iliyofutwa kwa kukosa bidhaa kama dosari, huku kiwango cha dosari kisizidi asilimia 2. Kwa muuzaji wa oda 100 hizo ni oda mbili tu. Kwenye tovuti yako hakuna anayekupimia hivyo, na namba ya simu ya mteja unayo. Mpigie mteja wa tovuti ndani ya saa moja, mwambie wazi kwamba birika imekwisha, mpe nafasi ya kuchagua ile ya rangi ya fedha kwa bei ileile au kurudishiwa pesa leo. Ukilazimika kufuta oda ya sokoni, chagua sababu ya kweli, kwamba bidhaa imekwisha. Usimwombe mteja afute yeye ili dosari isikuangukie, maana masoko huusoma ujumbe huo.

Tatu, kabla hujalala, tafuta oda ya pili iliingia dakika ngapi baada ya ya kwanza. Ikiwa ndani ya robo saa, ongeza akiba. Ikiwa ni saa tano baadaye, akiba haina kosa: kuna kitu kilichokwama, ufunguo wa kuunganisha programu na soko ulioisha muda au SKU, yaani alama ya kutambulisha bidhaa, iliyoandikwa `BRK-17-NYE` huku na `BRK17-NYE` kule. Nenda kaangalie hapo kwanza.