Kupima Upana wa Mabega na Urefu wa Mgongo Ukiwa Nyumbani

Karibuni, watazamaji. Leo niko chumbani kwangu hapa Nairobi, mbele ya kioo cha kabati, na nitawaonyesha namna ya kuchukua vipimo viwili ambavyo mafundi hutulalamikia kuliko vingine tunapowatumia kwa simu: upana wa mabega na urefu wa mgongo. Kifua na nyonga mtu hujipima mwenyewe bila taabu, kwa sababu tepu huzunguka mwili na namba husomeka mbele. Vipimo hivi viwili vya leo viko mgongoni, na kila unapojinyoosha au kujipinda ili uvifikie, mwili hubadilika na kipimo hubadilika nao. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kutia alama kwanza, kufunga tepu mahali pake, kushusha mikono, na kusoma namba mwisho kabisa.

Tayarisheni tepu ya fundi, lastiki nyembamba ya upana wa sentimita moja hivi, plasta au utepe wa karatasi wenye gundi, kalamu, kibanio cha nguo na rundo la funguo. Vaeni fulana nyepesi inayobana, wala si sweta, na kama mmesuka nywele ndefu, zifungeni juu ya kichwa zisiangukie shingoni. Kabla ya yote, ilazeni tepu kando ya rula ya chuma ya sentimita 30 mwone kama alama zinalingana. Tepu ya plastiki iliyotumika miaka mingi huvutika, na ile ambayo bati lake la mwanzo limeng'oka huwa imepoteza milimita kadhaa ambazo hamtazigundua hadi nguo ishonwe.

Sasa tutafute alama ya kwanza, ambayo ni mfupa wa ukosi. Inamisha kichwa, kidevu kielekee kifuani, kisha pitisha kidole nyuma ya shingo ukishuka taratibu hadi ukutane na mfupa unaochomoza kuliko mingine yote. Hiyo kwa kawaida ni pingili ya saba ya shingo, na ndipo urefu wa mgongo huanzia. Kidole kikiwa papo hapo, inua kichwa utazame mbele, kisha bandika kipande kidogo cha plasta. Naomba mzingatie mpangilio huo: kichwa huinuliwa kwanza, plasta hubandikwa baadaye. Ngozi ya shingo huteleza juu ya mfupa, na ukibandika plasta ukiwa umeinama, ukisimama wima utakuta plasta imekaa mahali pengine. Asiyeuhisi mfupa vizuri avae mkufu mwembamba wenye nafasi kidogo. Utatulia penyewe kwenye shina la shingo, na pale unapokatiza uti wa mgongo ndipo alama inapokaa.

Alama ya pili ni ncha ya bega. Weka vidole juu ya bega lako, kisha inua mkono wa upande huo kwa ubavuni hadi ulingane na bega. Utahisi kishimo kidogo kikijitokeza pale mfupa wa bega unapoishia na mkono unapoanza. Shusha mkono, hakikisha kidole bado kiko mwishoni mwa mfupa, kisha tia nukta kwa kalamu juu ya kipande cha plasta. Fanya hivyo pande zote mbili. Msiifuate mishono ya fulana mliyovaa, kwa maana fulana nyingi za dukani mshono wake huangukia chini ya bega, na mkiuiga mtapata nguo yenye mabega ya mtu mwingine.

Alama ya tatu ni kiuno. Funga lastiki, kisha jipinde kulia na kushoto mara mbili tatu. Itasogea yenyewe na kutulia pale ubavu unapokunjika. Geukia kioo ubavu ubavu uone kama imekaa sawa kwa mbele na nyuma. Ukanda wa suruali usikupotoshe, kwa sababu suruali nyingi za siku hizi huvaliwa chini ya kiuno.

Tuanze na aliye na msaidizi, kwa kuwa njia hii ndiyo nyepesi na ndiyo ninayoiamini zaidi. Mdogo wangu amesimama nyuma yangu. Nimesimama wima, mikono imeshuka, macho yanatazama mbele, nami sigeuki wala siulizi namba imefika ngapi mpaka amalize. Anaweka mwanzo wa tepu kwenye nukta ya bega la kushoto, anaipitisha juu ya mfupa wa ukosi, na kuifikisha kwenye nukta ya bega la kulia. Tepu imelala juu ya mwili bila kuvutwa. Anasoma 39. Anarudia, anapata 39 tena. Wako mafundi wanaopima kwa mstari ulionyooka kutoka bega hadi bega, chini kidogo ya mfupa huo, na kipimo chao huweza kutofautiana kidogo na hiki. Muulize fundi wako anatumia njia gani kabla hujamtumia namba.

Kwa urefu wa mgongo, anaweka mwanzo wa tepu kwenye plasta ya ukosi, anashuka nayo katikati ya mgongo, kisha anaipitisha chini ya lastiki na kusoma katikati ya lastiki. Ile hatua ya kupitisha tepu chini ya lastiki msiiruke. Sehemu ya chini ya mgongo ina bonde, na tepu inayoning'inia tu huvuka bonde hilo hewani bila kulifuata, hasa kwa mtu mwenye nyonga zilizochomoza. Mdogo wangu amesoma 40.5. Sasa tazameni ninapoinamisha kichwa kana kwamba nataka kuiona tepu: ile ile, kutoka mfupa ule ule, imefika 42.5. Sentimita mbili zimeongezeka kwa kuinama tu. Niliwahi kushonewa gauni la kitenge kwa kosa hili hili, nikiwa nimejipima nimeinama. Mshono wa kiuno ulishuka chini ya kiuno changu, na kila nilipoketi kitambaa cha ziada kilijikunja mgongoni kama mto. Fundi hakuwa na kosa, alishona namba niliyompa.

Sasa tuje kwa aliye peke yake, na hapa nitakwenda polepole. Urefu wa mgongo ndio rahisi zaidi, basi tuanze nao. Bandika mwanzo wa tepu kwenye mfupa wa ukosi kwa plasta mbili, moja juu ya nyingine, ili isivutike. Iache tepu ianguke katikati ya mgongo, kisha kwa mkono mmoja ipitishe chini ya lastiki na uivute kidogo tu hadi ilale. Shusha mikono, pumua kawaida, tazama mbele. Geuka uupe mgongo kioo cha kabati, ushike kioo kidogo mbele yako, uangalie kama tepu imenyooka au imeegemea upande. Kwa kuwa taswira imegeuzwa mara mbili, namba zitasomeka sawasawa na si kinyume. Kama huzioni vizuri, peleka mkono nyuma, bana kibanio kwenye tepu hapo hapo ilipo lastiki, ukiwa umeinua kichwa, kisha ivue tepu na usome. Fanya hivyo mara tatu. Mimi nimepata 40, 40.5 na 40.5, nami nimechukua 40.5.

Upana wa mabega ndio unaowasumbua wengi. Watu hushika mwanzo wa tepu kwa mkono wa kushoto juu ya bega la kushoto, wakavuta upande wa pili kwa mkono wa kulia. Mkono unaoinuka huinua bega na kulisogeza karibu na shingo, hivyo kipimo hupungua. Wengine huvusha mkono mbele ya kifua ili kulifikia bega la upande wa pili. Hapo makombe ya mabega hufunguka, mgongo hutanuka, na kipimo huongezeka. Nilipofanya hivyo jana nilipata 40.5, ilhali msaidizi amepata 39.

Njia inayofaa ni hii. Bandika mwanzo wa tepu kwa plasta kwenye nukta ya bega la kushoto. Ipitishe nyuma juu ya mfupa wa ukosi, uibandike hapo kwa kipande kidogo, kisha ilete juu ya bega la kulia na uiache ining'inie kwa mbele. Funga funguo kwenye ncha hiyo ili uzito wake uishikilie, ila zisiwe nyingi kiasi cha kuing'oa plasta. Shusha mikono yote miwili, zungusha mabega mara moja, uyaache yatulie. Kioo kidogo hakifai hapa, kwa sababu mkono unaokishika huinua bega. Tumia simu: iegemeze juu ya kabati au rafu yenye kimo cha mabega yako, weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 10, upigwe picha moja ya mgongo na nyingine ya bega la kulia kwa karibu. Vuta picha uone tepu inakatiza nukta kwenye namba gani. Yangu inasoma 39.

Kuna njia ya kuhakiki ambayo haihitaji mtu wa pili. Katika picha hiyo hiyo, soma namba iliyo juu ya mfupa wa ukosi. Mwanzoni yangu ilisoma 20, maana yake nusu ya kushoto ni 20 na ya kulia ni 19. Nilipogusa mfupa upya nikaona plasta yangu ilikaa nusu sentimita upande wa kulia. Baada ya kuirekebisha, nusu zote mbili zikawa 19.5. Kama ungekuwa umehakikisha plasta iko katikati na tofauti ya sentimita nzima bado ipo, basi huenda mabega yako hayalingani, jambo la kawaida kwa watu wengi, na fundi anapaswa kuambiwa nusu zote mbili badala ya jumla peke yake.

Mwenye mgongo ulioinama juu asitegemee njia ya kujipima peke yake. Tepu kwake hupita kwenye mzingo mkubwa na huteleza pembeni kwa urahisi, hivyo amwombe mtu amshikie, hata mtoto wa darasa la sita anaweza akionyeshwa alama.

Unapotuma namba, taja kama ni sentimita au inchi. Mafundi wengi wa hapa hufanya kazi kwa inchi, na sentimita 39 huangukia kati ya inchi 15 na robo na inchi 15 na nusu. Ukiandika 15 tu umepunguza karibu sentimita moja. Mimi huandika hivi: mabega sentimita 39, yamepimwa kupitia mfupa wa ukosi, mgongo sentimita 40.5, kutoka mfupa wa ukosi hadi katikati ya lastiki ya kiuno. Sijaongeza nafasi yoyote ya kupumua, utaiongeza wewe kulingana na mtindo.