Mkato wa kwanza kwenye muundi uliovunjika

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Hapa Tabora bodaboda zinatuletea miundi mingi iliyovunjika, mfupa uko nje na ngozi imeondoka. Leo nazungumzia mkato mmoja tu, ule wa kwanza, kwa sababu ndio unaoamua kama mguu utafunikika.

Kuna kijana aligongwa njia ya Urambo. Alivunjika katikati ya muundi, mfupa uko wazi kama upana wa kiganja, na utando wake umechubuka wote. Mfupa wa namna hiyo ukiupandikizia ngozi, haishiki. Unahitaji nyama yenye damu yake.

Antibayotiki ya mshipa alipewa ndani ya saa ya kwanza. Kesho yake asubuhi daktari wa mifupa na wa upasuaji rekebishi walisimama meza moja. Kabla ya kisu, walichora mstari kwa kalamu upande wa ndani wa mguu, sentimita moja na nusu nyuma ya ukingo wa mfupa. Kidonda kilipanuliwa kwa kufuata mstari huo. Ukirudi nyuma zaidi utakata mishipa midogo inayolisha ngozi; mara nyingi inatokeza kama sentimita 5, 10 na 15 juu ya kifundo. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyekatwa hapo. Flapi ya ngozi ya jirani, yaani kipande kinachohamishwa kikiwa na mishipa yake ya damu, ilikuwa imeshapotea kabla hatujaanza.

Nyama iliyokufa ilitolewa, mfupa ukachongwa mpaka ukaonyesha vidoto vya damu. Pini za vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa ziliwekwa mbali na njia ya flapi. Chuma cha ndani kilisubiri, maana hatukiweki siku ambayo hatuwezi kufunika.

Siku ya tatu, ndani ya saa 72, chuma cha ndani kiliwekwa na mguu ukafunikwa papo hapo. Katikati ya muundi tunageuza msuli wa soleusi, ulio chini ya kigimbi. Juu, karibu na goti, tunatumia kichwa cha ndani cha gastroknemiasi. Chini karibu na kifundo misuli hiyo haifiki vizuri, kwa hiyo mara nyingi inahitajika flapi ya kuunganishwa mishipa kwa hadubini. Mgonjwa wa hivyo mpigieni simu mtaalamu siku ileile, msingoje kidonda kinuke.

Juu ya msuli tulipandikiza ngozi, na kwenye bandeji tukaacha dirisha dogo. Usiku muuguzi alichungulia, akaona msuli umevimba na kuwa wa zambarau: damu inaingia, haitoki. Ungekuwa mweupe na baridi, tatizo lingekuwa damu isiyoingia. Alituita, tukalegeza bandeji na kutoa nyuzi mbili zilizobana shina la msuli. Baada ya saa moja rangi nyekundu ilirudi.