Ripoti ya kurasa 300 na kikao ni kesho: tuisome pamoja kwa dakika 45

Haya wapendwa karibuni, leo siongei sana mwanzoni maana najua mnaoangalia hii video wengi mko na haraka. Picha ni hii: saa 2 usiku, umetoka kazini foleni imekumaliza, watoto ndo kwanza wanaenda kulala, alafu kwenye grupu la ofisi bosi ametupia PDF ya ripoti ya CAG ya Serikali za Mitaa na ujumbe mfupi tu, "kesho saa 4 asubuhi tunakaa, kila idara ije imejipanga". Unafungua, kurasa 300. Wewe ni afisa manunuzi wa halmashauri na una usiku mmoja.

Tupige hesabu kidogo. Ukurasa mmoja tuseme una maneno 300, na wewe unasoma maneno 200 kwa dakika, hapo kuimaliza yote ni masaa saba na nusu bila kunyanyuka. Haiwezekani. Na wale wanaouza kozi za kusoma mara tatu au mara tano zaidi na uelewe kila kitu, mi nasema wazi hiyo haipo, watafiti wa usomaji wameshaliangalia sana hilo na jibu ni kwamba ukiongeza mwendo unapoteza uelewa. Kinachowezekana ni kuchagua wapi uende mbio na wapi utembee, na ndo tunachofanya leo. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani anaitwa Francis Robinson, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alishaipanga njia hii mwaka 1946: kagua kwanza, uliza maswali, ndo usome, alafu jisemee ulichosoma, alafu rudia. Alikuwa anawaandalia wanafunzi, sisi tunaigeuza kidogo iendane na mtu wa ofisini.

Hatua ya kwanza, kukagua, dakika 8. Weka simu kimya, weka na taima. Usianze ukurasa wa kwanza! Nenda kwenye yaliyomo, soma vichwa tu kama unavyopitia menyu ya hotelini, sura ya hati za ukaguzi, sura ya mapato ya ndani, sura ya manunuzi na usimamizi wa mikataba, sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Yako ni manunuzi, andika namba ya ukurasa kwenye karatasi. Hapa kuna kitu kinawapotezea watu muda sana: namba iliyoandikwa chini ya ukurasa na namba ya PDF havilingani, kwa sababu kurasa za mwanzo zimehesabiwa kwa Kirumi. Kama hizo za Kirumi ziko 30 na sura yako imeandikwa ukurasa 74, kwenye kile kiboksi cha juu andika 104, utafika palepale.

Baada ya yaliyomo soma muhtasari wa mwanzo, huo usome wote kwa utulivu, ndo sehemu pekee ya jumla ambayo siiruki. Alafu ruka mpaka mwisho kwenye viambatisho, kwa sababu huko ndo halmashauri zinatajwa moja moja kwa majina. Bonyeza Ctrl+F andika jina la halmashauri yenu. Ikija sifuri usifurahi haraka, inawezekana faili limeskaniwa kama picha na haliwezi kutafutwa, jaribu neno lolote unaloliona kwa macho hapo kwenye ukurasa, likikataa na lenyewe basi ujue ni picha, itabidi upitie majedwali kwa jicho.

Hatua ya pili, maswali, dakika 4, na kwa kweli ukiniambia niache hatua zote nibaki na moja ntabaki na hii. Andika maswali matatu kwa mkono. Sio "ripoti inasema nini kuhusu manunuzi", hilo swali halikusaidii kitu kwa sababu kila sentensi ya sura nzima ni jibu lake, utajikuta umesoma kurasa 40. Chukua kichwa cha habari ukigeuze. Kichwa kinasema "Manunuzi yaliyofanyika nje ya mfumo", wewe unaandika: ni halmashauri ngapi na kiasi gani, sisi tumo? Sababu iliyotajwa ni ipi? Na mkaguzi ametaka nani afanye nini? Hayo matatu yana majibu mafupi, na ukiliona jibu unajua umeliona, unaendelea mbele.

Sasa hatua ya tatu, kupitisha macho, dakika 15. Labda umewahi kufundishwa kwamba ukipitia juujuu usome sentensi ya kwanza ya kila aya. Kwa gazeti sawa, habari inaanza na kiini. Kwa vile vitabu vya biashara na uongozi mara nyingi inakuwa kinyume, aya inaanza na hadithi ya mtu flani na hoja inakuja chini. Na ripoti ya ukaguzi ina mpangilio wake kabisa: hoja inaanza na sheria au kanuni inavyotaka, inafuata hali iliyokutwa, alafu sababu, alafu madhara, mwisho pendekezo. Yani ukisoma sentensi za kwanza peke yake utaambulia namba za kanuni tupu! Nyama iko kwenye aya ya pili na kuendelea.

Kwaiyo jicho lako liwinde maneno. CAG anaandika kwa nafsi ya kwanza, "nilibaini", "ninapendekeza". Angalieni hapa kwenye skrini, naandika Nilibaini kwenye Ctrl+F, nabonyeza mshale wa chini, hoja kwa hoja, nikifika nasoma mistari mitatu minne tu kuanzia hapo. Naona kiasi cha pesa naweka alama. Naona "kutokana na" nasimama, hapo sababu inakuja. Naona "hata hivyo" nasimama pia, kwa sababu hapo kilichosemwa juu kinapunguzwa au kinageuzwa. Zile aya za kanuni mimi nazipita, nikizihitaji najua ziko wapi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu hili la Kiswahili silioni likisemwa. Lugha yetu inaficha ukanushi ndani ya neno. "Fedha zilipelekwa benki" na "fedha hazikupelekwa benki", ukiwa unakimbiza macho yote mawili yanaonekana mamoja, jicho linashika "pelekwa" na "benki" linaenda zake. "Zilizorejeshwa" na "zisizorejeshwa" tofauti ni silabi moja katikati. Mimi yalinikuta, sitaitaja ofisi, nilisimama kwenye kikao nikasema makusanyo ya mashine za POS yalipelekwa benki yote, nikasema na kiasi, kumbe ile sentensi ilikuwa inasema hayo ndo hayakupelekwa. Mwenzangu wa mapato akafungua ukurasa akasoma kwa sauti taratibu mbele ya watu wote. Tangu siku ile nina sheria moja, kila sentensi yenye kiasi cha pesa nikishaiona kwa haraka narudi naisoma taratibu mwanzo wa kitenzi, natafuta ha-, si-, "bila", "ambazo hazija". Inakula sekunde tano tu kwa kila moja.

Hatua ya nne, kusoma kwa kutembea, dakika 12. Mpaka hapa una hoja kama tatu au nne zenye alama zinazojibu maswali yako, na hizo sasa unazisoma neno kwa neno pamoja na ile kanuni uliyoiruka, pamoja na maelezo yaliyo chini ya jedwali. Mtu akiishia kupitisha macho bila hii hatua anabaki na picha ambayo inaweza kuwa ya uongo kabisa. Mfano mzuri ni hati. Umepitia juujuu umeona halmashauri nyingi zimepata hati safi, unaenda kumwambia bosi mambo shwari. Lakini soma taratibu maana yake: hati ni maoni juu ya hesabu, kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi kwa mambo yote muhimu. Haijasema kila mkataba ulisimamiwa vizuri wala kila mkopo wa asilimia 10 umerudi. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na bado ikawa na hoja nzito kwenye sura yako ya manunuzi. Ile swali lako "sisi tumo?" ndo linakuokoa hapa, linakulazimisha usiishie kwenye hati.

Hatua ya mwisho, dakika 6. Funga laptopu. Ifunge kabisa, usiiache wazi. Chukua simu, jirekodi sauti kama unamtumia mwenzako wa idara voisi noti: tumetajwa kwenye hoja ngapi, kiasi gani, sababu waliyoitaja, pendekezo ni lipi, ukurasa wa ngapi. Utasikia mwenyewe pale unapoanza kusema "eee… kuna kitu walisema kuhusu mkandarasi…". Hapo ndo hujaelewa, ulikuwa umepita tu. Fungua pale pale tu, soma hiyo aya, funga, sema tena. Watu wengi hapa badala ya kujirekodi wanarudi kupaka rangi ya njano, na wakisoma tena ile njano wanaona wameelewa kwa sababu maneno wameyazoea, lakini kesho ukiulizwa bila karatasi hakuna kinachotoka.

Kuna vitu usivifanyie hivi. Mkataba unaotaka kuusaini, barua ya mashtaka ya nidhamu, vigezo vya zabuni unayoiandaa, hivyo soma vyote mstari kwa mstari hata kama ni usiku, maana kwenye mkataba kifungu kimoja ulichokiruka kinaweza kuwa ndo cha kuvunja mkataba.

Na wanaouliza kama inafaa kwa kitabu cha kawaida, inafaa, badili tu maneno ya kuwinda. Kitabu hakina "nilibaini", badala yake soma utangulizi na kurasa mbili za mwisho za kila sura, waandishi wengi hurudia hoja yao hapo, alafu rudi kwenye sura mbili zinazojibu swali lako. Zilizobaki ziache bila kujilaumu.

Sasa kabla hujalala, kata kikaratasi kidogo, andika hoja zako na namba za kurasa zote mbili, ya chini ya ukurasa na ya PDF, kwa sababu kwenye kikao kuna walioprinti na kuna walioshika simu, na mtu akisema "hiyo umeitoa wapi" unamjibu palepale bila kuhangaika.