Sofa ya fundi na daftari la mwenye duka: nani kauza?

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze na wafanyabiashara na vijana wa uhasibu kwa pamoja, kwa hiyo nitaanza na kitu ambacho sote tumewahi kukalia. Sofa.

Ni sofa ya watu watatu, imetengenezwa na fundi wa Keko, ila inauzwa kwenye duka la mtu mwingine, Sinza. Fundi kaileta kwa mali kauli, hajalipwa hata senti. Bei kaipanga yeye, TSh 1,200,000. Mwenye duka akiiuza anakata kamisheni ya asilimia 10, yaani 120,000, na 1,080,000 inayobaki anamtumia fundi. Isipouzika, fundi anakuja na guta anaichukua. Jumamosi mchana anaingia mteja, anaikalia, anaipenda, analipa kwa simu. Ujumbe unaingia kwenye simu ya duka: umepokea TSh 1,200,000.

Sasa mwenye duka anafungua daftari. Kwenye mstari wa mapato aandike ngapi?

Nikiuliza hivi, wengi hujibu 1,200,000, na wana sababu yao: ndiyo pesa iliyoingia. Halafu wanaandika 1,080,000 kama gharama ya mauzo, na faida inatoka 120,000. Jibu sahihi ni kwamba mapato ya duka ni 120,000 tu tangu mwanzo. Ile 1,080,000 haikuwa mapato hata kwa dakika moja. Ilipoingia kwenye simu iliingia kama deni, pesa ya fundi iliyopita kwenye mikono ya duka.

Anayeelekeza hivyo ni kiwango cha kimataifa cha mapato kinachoandikwa IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018. Kiwango kile cha biashara ndogo na za kati kinataka vilevile: wakala aandike kamisheni yake, na anachomkusanyia mwenye mali si mapato yake. Lakini sipendi mtu akariri kwa sababu kitabu kimesema. Tutazame kwa nini.

Mapato ni malipo ya kile ulichomfanyia mteja. Mwenye duka hapa kafanya nini? Katoa nafasi, kamkaribisha mnunuzi, kamwonesha sofa, kapokea pesa. Ukitazama vizuri, mteja wake yeye ni fundi. Fundi ndiye anayemlipa 120,000 kwa kazi ya kumtafutia mnunuzi. Sofa yenyewe kauza fundi. Mwenye duka akiandika 1,200,000 anakuwa amejiandikia kazi ya fundi: mbao, sponji, kitambaa na siku zote zilizotumika kuitengeneza.

Swali linaloamua ni moja: kabla sofa haijafika kwa mteja, nani alikuwa na mamlaka nayo? Mamlaka maana yake uwezo wa kuamua sofa iende wapi, na kula faida au hasara yake. Wiki moja kabla ya ile Jumamosi, fundi alipata mteja wa haraka Tabata, akampigia mwenye duka: naomba ile sofa yangu nyingine, naipitia Alhamisi. Akaja, akaichukua, mwenye duka akabaki na nafasi tupu. Kama mtu mwingine anaweza kukuondolea kitu dukani kwako na huna la kumwambia, huwezi kudai kwamba mauzo yake ni yako.

Kuna dalili tatu zinazosaidia pale ambapo mambo hayajakaa wazi hivyo. Ya kwanza, mguu wa sofa ukivunjika baada ya wiki mbili, mteja anategemea nani airekebishe au arudishe pesa? Ya pili, sofa isipouzika miezi sita, au ikichanwa na mtoto dukani, hasara ni ya nani? Ya tatu, nani anapanga bei? Hizi ni dalili tu. Nimeona wahasibu vijana wakizipigia kura, mbili dhidi ya moja, basi wamemaliza. Sivyo. Zinakusaidia kujibu lile swali la mamlaka, na wakati mwingine dalili moja inazidi uzito zile mbili.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata wazoefu. Mtu anasema, risiti imetoka kwa jina langu, na kwa kukubaliana kwetu umiliki wa sofa unapita kwangu kwanza ndipo uende kwa mteja. Sawa, umepita, ila kwa muda gani? Kama umiliki uliingia na kutoka mteja akiwa amesimama hapohapo kaunta, hukupata nafasi ya kuamua lolote juu ya hiyo sofa, na umiliki wa namna hiyo peke yake haukufanyi kuwa muuzaji mkuu, yaani yule anayeuza kilicho chini ya mamlaka yake mwenyewe. Mambo ya risiti na VAT yana sheria zake. Yafuateni huko yaliko, msiyatumie kuamua mstari wa mapato.

Nioneshe ulivyo muamala wenyewe kwenye daftari la duka siku ile ya Jumamosi:

```
Dr  Fedha za simu             1,200,000
    Cr  Deni kwa fundi                    1,080,000
    Cr  Mapato ya kamisheni                 120,000
```

Jumatatu fundi akitumiwa pesa yake, deni linafutika na salio la simu linapungua. Mstari wa mapato hauguswi. Sofa nazo, zile ambazo hazijauzwa, hazimo kwenye mali ya stoo ya duka hata kama zimejaa hadi mlangoni. Zimo kwenye hesabu za fundi. Na fundi haandiki mauzo siku anayoshusha sofa Sinza. Anaandika 1,200,000 siku mteja aliponunua, kisha ile 120,000 anaiandika kama gharama ya kuuza. Ukiweka madaftari mawili pamoja, sofa moja imeuzwa mara moja. Mwenye duka naye angeandika 1,200,000, sofa moja ingekuwa imeuzwa mara mbili.

Mtu ataniuliza, kama faida ni ileile 120,000, ugomvi uko wapi? Uko kwa yule anayesoma hesabu akiwa hajawahi kufika dukani. Chukua sofa 10 kwa mwezi. Kwa njia ya kwanza anaona duka la mauzo ya milioni 12. Kwa njia ya pili anaona kazi ya uwakala inayoingiza 1,200,000. Ofisa mkopo wa benki anapima mkopo tofauti kabisa kwa hizo biashara mbili, na mtu anayetaka kununua duka kwa kutazama ukubwa wa mauzo anaweza kulipa pesa nyingi kwa ajili ya mauzo ya fundi wa Keko.

Hili limewakuta wakubwa. Mwaka 2011 kampuni ya Kimarekani ya Groupon ilikuwa inajiandaa kuuza hisa zake kwa umma. Ilikuwa inauza kuponi: unalipa mtandaoni, unakwenda kwenye mgahawa au saluni, wao wanakuhudumia, na kampuni inagawana pesa na mgahawa. Katika hesabu za kwanza ilionesha mapato ya mwaka 2010 ya dola milioni 713.4, yaani pesa zote zilizolipwa na wateja. Kabla ya hisa kuuzwa ilibidi irekebishe, na mapato ya mwaka uleule yakawa dola milioni 312.9. Hakuna kuponi iliyopotea. Fungu la wenye migahawa na saluni ndilo lililotolewa, kwa sababu chakula kilipikwa na mgahawa.

Turudi Sinza, kwa sababu duka lile lina kitu kingine. Lina kirikuu. Mteja akitaka kupelekewa sofa nyumbani analipa 40,000 zaidi, na duka ndilo lililopanga bei hiyo. Dereva anapewa 15,000, mafuta kama 8,000. Hapa duka linaandika mapato ya 40,000 yote, na dereva na mafuta ni gharama. Hata siku kirikuu kiko gereji na duka likakodi gari la jirani, bado ni 40,000, mradi duka ndilo lililojifunga kwa mteja kwamba sofa itafika salama na ndilo linalomwamuru yule dereva. Kwa hiyo katika risiti moja, kwa mteja mmoja, duka ni wakala wa sofa na ni muuzaji mkuu wa usafiri. Usiulize duka hili ni wakala au siyo. Uliza kwa kila kitu anachouziwa mteja.

Miaka ya nyuma nilikagua vitabu vya duka moja la namna hii, na kilichonishtua kilikuwa ukawaida wa namba. Faida ilikuwa asilimia 10 ya mauzo, mwezi hadi mwezi, bila kupanda wala kushuka. Muuzaji anayenunua mali yake hapati hivyo. Siku nyingine anapunguza bei, siku nyingine mali inaharibika. Gharama ya mauzo iliandikwa siku ileile na dakika ileile ya mauzo. Stoo kwenye vitabu ilikuwa sifuri mwaka mzima ilhali nimekaa kwenye sofa. Dalili hizo tatu zikikutana, omba makubaliano yao na mafundi uyasome. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mwenye duka, kwa kuona pesa yote iliyoingia imeandikwa mapato, alikuwa amelipa kodi ya pango na ada za watoto kwa pesa ya mafundi. Mafundi wawili walikuwa wanadai tangu miezi minne. Hakuwa mwizi. Daftari lake lilimwambia pesa ni zake.

Kuna dada pale mbele kauliza kabla hatujaanza: yeye fundi wake hampangii bei, anamwambia nipe milioni moja, cha juu chako. Hilo ni swali zuri kuliko yote. Bei anapanga dada, hiyo dalili inavutia upande wa kuwa muuzaji mkuu. Lakini nimemuuliza, isipouzika? Anaichukua. Anaweza kuja kuichukua kabla? Ndiyo, alishafanya. Unamdai au anakudai chochote kabla haijauzwa? Hapana. Basi mamlaka bado yako kwa fundi, na uhuru wa kupanga bei ni njia tu ya kukokotoa malipo yako, dada. Ukiuza 1,250,000 mapato yako ni 250,000.

Halafu akaongeza kwamba kuanzia mwezi ujao fundi anataka alipwe 1,000,000 sofa inaposhushwa, na hakuna kurudisha. Hapo kila kitu kinageuka. Sofa inaingia kwenye stoo yako kwa 1,000,000 siku inaposhushwa. Ukiuza 1,250,000 unaandika mauzo 1,250,000 na gharama 1,000,000. Ukilazimika kuiuza 900,000, ile hasara ya 100,000 ni yako peke yako, na fundi hata hatajua.