Kolekta na Emita: Kipimo Ambacho Mafundi Wanakiruka

(Mhadhara kwa mafundi wa redio na amplifaya, Arua. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Asanteni, mafundi. Kaeni karibu, wale wa nyuma sogeeni, maana nitakuwa nashika vitu vidogo mkononi.

Sitafundisha transista ni nini, wote hapa mmeshika lehemu. Nataka kusema jambo moja ambalo wengine mmeshanisikia nikilisema, na nitaendelea kulisema mpaka nione linafanyika: transista yenye miguu mitatu inapimwa mara sita. Si mara mbili, wala si mara nne. Fundi anapima besi kwenda huku, besi kwenda kule, mita inamwonyesha namba nzuri, anafunga shauri. Kolekta na emita hakugusa. Na shoti iko hapo hapo kati ya kolekta na emita.

Tuanze na transista iliyo nje ya bodi, kisha niwape kesi yenyewe.

Hii hapa ni ndogo, nyeusi, maandishi yamefutika. Mtu ataniambia, "Mzee, hizi zinajulikana, besi iko katikati." Iko katikati ya ipi? Chukua BC547, ielekeze kwako upande ulio bapa, miguu chini: kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Chukua S8050, umbo ni lile lile: emita, besi, kolekta. Chukua C1815, umbo lile lile tena: emita, kolekta, besi. Umbo halikuambii kitu. Uliza mita.

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Hapo inasukuma umeme mdogo, kama miliampia moja, na inaonyesha volti zilizobaki juu ya kiungo. Miguu naiita moja, mbili, tatu, kutoka kushoto. Ncha nyekundu naiweka mguu wa pili na naiacha hapo. Nyeusi mguu wa kwanza: 0.698. Nyeusi mguu wa tatu: 0.691. Nageuza, nyeusi inakaa mguu wa pili, nyekundu inatembea: OL, OL. Kwa mita za bei nafuu mtaona 1 peke yake upande wa kushoto, maana ni ile ile, umeme haupiti. Bado mguu wa kwanza na wa tatu: OL, nageuza, OL. Hizo ndizo sita.

Mguu ulioongea na wenzake wote wawili kwa ncha ya rangi moja ndio besi. Aliyekaa juu yake alikuwa nyekundu, basi hii ni NPN. Angekuwa nyeusi, ingekuwa PNP. Ninyi mnaotumia mita ya mshale kwenye omu, hapo kuna mtego: ndani ya mita nyingi za namna hiyo betri imegeuzwa, ncha nyeusi ndiyo chanya, kwa hiyo jibu lenu linakuwa kinyume. Kabla hujabishana na mwenzako, pima dayodi unayoijua uone ncha ipi ni chanya.

Sasa emita ni ipi? Tazameni namba tena: 0.698 na 0.691. Kubwa ni emita, ndogo ni kolekta. Kiungo cha kolekta kimetengenezwa kipana zaidi, na cha emita kimetiwa uchafu mwingi zaidi wa kuendesha umeme, kwa hiyo umeme ule ule unaacha volti ndogo zaidi upande wa kolekta. Tofauti ni milivolti chache tu, na hapa ndipo vidole vinaharibu kazi. Kiungo cha silikoni kinashuka karibu milivolti mbili kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukipima mguu mmoja, kisha ukaishika transista kwa vidole ukitafuta wa pili, umeipasha joto nyuzi tatu nne, na namba ya pili imeshuka kwa joto la mkono wako. Utaita kolekta kuwa emita. Ichomeke kwenye ubao wa majaribio au ibane kwa koleo, subiri kidogo, ndipo usome. Kisha rudia kipimo cha kwanza. Kikirudi pale pale, amini.

Haya, kesi. Kuna amplifaya ya kanisa ililetwa, ukiiwasha fyuzi inakatika hapo hapo. Kwenye chuma cha kupoza kuna transista nne: 2SC5200 mbili, ambazo ni NPN, na 2SA1943 mbili, ambazo ni PNP. Kila mbili zimefungwa sambamba. Kolekta zimeungana moja kwa moja, na kila emita ina rizista yake ya omu 0.22 kabla ya kwenda kwenye laini ya spika.

Fundi wa kwanza alizipima zikiwa ndani ya bodi. Besi kwenda kolekta, karibu 0.51. Besi kwenda emita, karibu 0.51. Zote nne zikampa namba za aina hiyo. Akasema transista ni nzima, akabadilisha dayodi za kupokea umeme na kapasita kubwa mbili, pesa za kanisa zikaenda. Fyuzi ikakatika tena.

Sasa zile namba zake zilikuwa za kweli, na ndiyo maana naisema kesi hii kila mahali. Transista ikipigwa shoti kati ya kolekta na emita, viungo vya besi vinaweza kubaki vizima kabisa. Umeme wa mita unaingia besi, unatoka kwa kolekta au kwa emita, na kwa kuwa hizo mbili sasa ni waya mmoja, mita inaona viungo viwili vikiwa sambamba. Inakupa namba nzuri ya dayodi. Dalili iko ndani ya namba hiyo hiyo ukiiangalia vizuri: pande zote mbili zinasoma sawasawa, bila ile tofauti ya milivolti chache, na ziko chini kidogo. Transista nzima ya 2SC5200 ingenipa mathalani 0.522 upande mmoja na 0.531 upande mwingine. Hizi zilikuwa 0.514 na 0.514. Ukiona mapacha namna hiyo, nenda kolekta na emita mara moja.

Mtu atauliza kwa nini 0.5 na si 0.7 kama ile ndogo. Ni kwa sababu ni transista kubwa, kiungo chake ni kipana, miliampia moja kwake si kitu. Usiitupe kwa sababu hiyo.

Fundi wa pili alikuwa makini zaidi. Alipima kolekta na emita. Kwenye C5200 ya kwanza: 0.000, mita inalia. Akageuza ncha: 0.000, inalia. C5200 ya pili: vile vile. Akasema zote mbili zimekufa, na A1943 zibadilishwe pia kwa usalama. Zote nne ziagizwe Kampala, ziletwe na basi.

Ngoja. Zimefungwa sambamba. Ukipima ya pili, umeme wa mita unapita kolekta iliyoungana, unaingia kwenye ile iliyokufa, unatokea kwa emita yake, unapitia rizista mbili za 0.22 na kukurudia. Jumla ni omu 0.44, na kwa miliampia moja hiyo ni chini ya nusu milivolti. Mita yako haiwezi kuiona, itaandika sifuri. Iliyokufa na nzima zinasoma namba moja.

Dawa yake ni mguu mmoja wa lehemu. Nyonya lehemu upande mmoja wa kila rizista ya 0.22, uinue mguu ule, emita zisikutane tena. Tulipofanya hivyo, ya kwanza ikabaki 0.000 pande zote mbili. Ya pili ikasoma OL pande zote mbili. Moja imekufa, moja nzima. Upande wa A1943, zote mbili zilikuwa OL tangu mwanzo. Ukibaki na shaka, itoe kabisa kwenye bodi uipime mara sita mezani.

Najua mtakalosema: hata kama moja ni nzima, si vizuri kubadilisha jozi? Kwa amplifaya nakubali, zinazofanya kazi sambamba zifanane, badilisha C5200 zote mbili. Lakini ile nzima iweke kwenye kopo uandike "nzima", usiitupe, na A1943 uziache mahali pake. Spea za kughushi ni nyingi mno sokoni kiasi kwamba transista ya asili uliyoipima mwenyewe ni mali.

Muda unakimbia, haya mengine nayataja tu.

Kabla ya kupima ndani ya bodi, chomoa umeme na umalize chaji ya kapasita kubwa kwa balbu, si kwa bisibisi.

Kuna transista zinazofanana na zilizokufa lakini ni nzima. TIP122 ina transista mbili ndani, pamoja na dayodi kati ya kolekta na emita, kwa hiyo upande mmoja itasoma namba, upande mwingine OL. Zile za mlalo za televisheni za zamani, kama D1555, zina dayodi hiyo hiyo na rizista ndogo ya makumi ya omu kati ya besi na emita, ndiyo maana besi na emita zinasoma karibu sifuri pande zote mbili. Hizo linganisha na mpya ya namba ile ile. Shoti ya kweli ya kolekta na emita inasoma sifuri pande zote mbili.

Ukikuta ya nguvu imekufa, pima pia ndogo inayoiendesha na rizista yake ya emita. Mara nyingi huenda pamoja. Na pima kolekta kwenda kwenye chuma cha kupoza: maika ikitoboka, transista nzima itaonekana na shoti ambayo si yake.

Mipaka ya kipimo hiki muijue pia. Volti ya mita ni ndogo. Transista inayovuja ikipata volti hamsini itapita hapa bila kuonekana, na nguvu ya kukuza haipimwi kwa dayodi. Kwa hiyo unapowasha mara ya kwanza baada ya ukarabati, weka balbu ya wati 60 au 100 ya uzi mfululizo na laini ya umeme. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki na mwanga mkali, zima, rudi kwenye kolekta na emita.

Hapa mezani kuna sahani yenye transista kumi zilizofutwa namba. Njooni wawili wawili, mmoja apime, mwingine aandike vipimo vyote sita.