Robo tatu ya nusu ukurasa: namna ya kuchambua skripti mpaka ikupe bajeti ya kweli

Karibuni. Nina sini moja tu ya kufanyia kazi leo. Naisoma kama ilivyo kwenye skripti:

"Sini ya 9. NJE. KITUO CHA DALADALA. USIKU. Mvua kubwa. Abiria wanagombania mlango. Konda anamzuia Mama Rukia, wanajibizana. Anasukumwa, kapu la mayai linaanguka."

Filamu hii ya mfano ina kurasa 24. Kila ukurasa tunaugawa vipande 8 vya urefu sawa, na sini ya 9 imechukua vipande 3, yaani 3/8. Prodyusa mwenye haraka atasema hivi: tunapiga kurasa 4 kwa siku, kwa hiyo siku 6 zinatosha, na sini ya 9 ni kazi ya saa moja. Hesabu hiyo inapima wino. Sini mbili zenye urefu huohuo, moja ya watu wawili wanaoongea sebuleni na nyingine hii ya mvua, hazigharimu sawa hata kidogo. Ndiyo maana hatuweki bei yoyote kabla ya kuchambua.

Soma skripti nzima mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili zipe sini zote namba, kisha kila moja uifungulie karatasi yake. Juu ya karatasi andika ndani au nje, mchana au usiku, lokesheni na urefu. Chini yake weka wahusika, watu wa ziada, vifaa vya mkononi, maleba, magari, na mahitaji maalumu. Pigia mistari ya rangi tofauti maneno yaliyoandikwa: Konda, Mama Rukia, abiria, kapu, mayai, daladala, mvua. Hapo wengi huridhika na kufunga daftari, lakini gharama kubwa za sini hii hazijaandikwa popote kwenye karatasi.

Chukua mayai. Kapu linabeba trei moja. Mwongozaji anataka kapu lianguke mbele ya kamera kwa pembe mbili, na kila pembe tuipe nafasi ya kurudiwa mara tatu. Hizo ni trei 6, ongeza moja ya akiba, 7. Mazoezi yafanyike na kapu tupu. Bei ya mayai haitamuua mtu, ila kila yakivunjika mtu lazima aoshe lami, apange kapu upya na ambadilishe mwigizaji kanga. Ukiipa kazi hiyo dakika 15, mara sita ni saa moja na nusu, na muda wote huo mafundi wote wamesimama wanalipwa.

Kanga nazo zina hesabu yake. Kwa kuwa ni mvua, kanga inaruhusiwa kuwa mbichi, kwa hiyo tatu za kuzungusha zinatosha: moja mwilini, moja inasuuzwa, moja tayari. Lakini sini ya 10 Mama Rukia anaingia nyumbani na kanga ileile yenye madoa, na huenda ratiba ikaitanguliza sini hiyo siku kadhaa. Basi ya nne inachafuliwa mapema na kuhifadhiwa, pamoja na picha ya madoa yalipo. Zote zinunuliwe siku moja, rangi moja na jina moja, maana ukirudi dukani wiki ijayo mzigo ule umekwisha.

Sasa mvua. Ya Mungu haingoji kamera, na mwongozaji akitaka kurudia inakuwa imekatika. Ya kutengeneza inataka boza, pampu na mabomba ya kunyunyizia kutoka juu. Pampu inayotoa lita 200 kwa dakika inamaliza boza la lita 10,000 kwa dakika 50, hivyo maji yafunguliwe wakati wa kupiga tu. Usiku mvua haionekani kwenye picha isipokuwa taa iipige kutoka nyuma. Taa hiyo inadai stendi ndefu na jenereta, na jenereta inapiga kelele, kwa hiyo ikae mbali na nyaya ziwe ndefu. Nyaya hizo zinapita penye maji: viungio viinuliwe juu ya ardhi, vifunikwe, na fundi umeme awepo mwanzo hadi mwisho. Huyo naye ana mstari wake kwenye bajeti.

Bado. Konda na Mama Rukia wanajibizana chini ya maji yanayopiga bati la gari. Sauti hiyo haitafaa. Watarudi studio kurekodi maneno upya, na malipo yao ya siku hiyo mara nyingi hukumbukwa filamu ikiwa tayari kwa mhariri na fedha zimekwisha.

Daladala yenyewe haikodishwi kwa saa kama unavyodhani. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, dereva anataka ya kwake, na kama gari linaonekana tena sini ya 2 liwe lilelile, lenye maandishi yaleyale kwenye kioo cha nyuma.

Karatasi zote zikishakamilika, ndipo tunazipanga kwa lokesheni badala ya mfuatano wa hadithi. Sini ya 2 ni kituo hichohicho, mchana. Aliyetengeneza ratiba kwa kufuata namba ataiweka siku ya 1 na sini ya 9 siku ya 4, kisha alipe daladala, Konda, abiria na kibali cha kufunga barabara mara mbili. Tukiziunganisha, tunaanza sini ya 2 saa 9 alasiri ardhi ikiwa kavu. Dar es Salaam jua linazama kabla ya saa 1 usiku, na wakati huo mafundi wanafunga mabomba na taa. Sini ya 9 inapigwa mpaka saa 6. Ukianza na mvua, lami haitakauka kwa wakati. Kesho yake usiite watu asubuhi. Waanze mchana baada ya kupumzika, na ratiba ikiri kwamba nusu siku imeondoka.

Kwenye bajeti, kila mstari uwe na idadi, siku, bei na jumla. Kwa bei za mfano, abiria 20 kwa siku 1 kwa shilingi 15,000 ni 300,000. Wengi huishia hapo. Watu hao watakula mara mbili. Kwa 6,000 kila mlo ni 240,000 nyingine. Saa 6 usiku usafiri wa kawaida ni wa shida, hivyo kuna gari la kuwarudisha. Akiba ya asilimia 10 ihesabiwe mwisho, juu ya jumla nzima, na isigeuzwe kuwa fungu la vitu tulivyosahau kuchambua.

Jumla ikizidi fedha zilizopo, usianze kukata mlo wa mafundi. Rudi kwenye sini. "Mvua kubwa" ikiwa "mvua imekatika punde", tunalowesha lami na gari kwa mpira, boza linaondoka, maneno yanarekodiwa palepale, na mayai yanabaki. Kabla ya kufurahi, fungua karatasi ya sini ya 10: kama Mama Rukia anakinga ndoo chini ya bati linalovuja, sentensi ile moja imegusa sini mbili. Mwongozaji na mwandishi wakikubali, skripti mpya itolewe ikiwa na tarehe, ya zamani ikusanywe, na karatasi zote mbili zichambuliwe upya. La sivyo, mtu wa maleba atakuja na kanga iliyolowa na wa umeme atakuja bila taa ya nyuma, kila mmoja akifuata skripti yake.