Wavu usio na ukingo: ukinzani kati ya mafundo mawili jirani

Chukueni wavu wa kuvulia, macho yake ya mraba, usio na ukingo upande wowote. Kila uzi kati ya fundo na fundo ni rezista ya omu 1,000. Naweka ncha mbili za mita kwenye mafundo jirani, A na B. Mita itasoma nini?

Anayeanza kwa kuhesabu njia atakesha. Kuna uzi wenyewe A–B, kuna njia ya nyuzi tatu inayozunguka jicho la juu, nyingine ya chini, halafu za nyuzi tano, saba, na kuendelea. Tena njia hizo zinachangia nyuzi, kwa hiyo huwezi kuzihesabu kama rezista sambamba.

Tuulize swali jepesi zaidi. Sahauni B kwanza. Naingiza miliampia 4 pale A, nauacha mkondo utokee huko mbali, pande zote. A ina nyuzi nne. Je, wa kulia una sababu gani ya kupata zaidi ya wa kushoto? Ugeuzeni wavu robo mzunguko: ni uleule. Basi kila uzi unapata miliampia 1, ukiwamo uendao B.

Nafuta ubao. Sasa A haina kitu, ila B inanyonya miliampia 4 kutoka huko mbali. Kwa hoja ileile, kila uzi unaoingia B una miliampia 1, na ule wa A–B unaubeba kuelekea B, yaani upande uleule wa mwanzo.

Lazeni hali hizi mbili moja juu ya nyingine. Inaruhusiwa, kwa sababu katika rezista volti hufuata mkondo kwa uwiano, hivyo majibu hujumlishika. Kilichotokea huko mbali na kilichoingilia huko vinafutana. Inabaki miliampia 4 kuingia A na 4 kutoka B, kama mita ifanyavyo. Uzi wa A–B una 1 na 1, yaani miliampia 2. Mara omu 1,000, ni volti 2. Volti 2 kwa miliampia 4 ni omu 500. Nusu ya rezista moja, basi.

Na angalieni: miliampia 2 nyingine zimepita kwenye wavu wote uliobaki. Ukikata uzi wa A–B, mita itasoma omu 1,000. Wavu mzima usio na mwisho ni sawa na rezista moja tu!

Msikilizaji makini atanishika hapa: "huko mbali" ni wapi? Ana haki. Kwenye wavu huu, volti kati ya A na ukingo huongezeka bila kikomo kadiri ukingo unavyosogea, ingawa polepole sana, kwa kufuata logi ya umbali. Dawa yake ni kuanza na wavu mkubwa wenye ukingo uliofungwa ardhini. A na B haziwezi zote kuwa katikati kamili, lakini kosa hilo hupungua wavu unapokua, na tofauti ya volti kati ya A na B hutulia.

Mkitaka kuushika kwa mkono, ungeni mafundo 9, matatu kwa matatu, kwa rezista 12. Pimeni fundo la katikati na jirani yake: hesabu inatoa omu 583. Ni zaidi ya 500, kwa kuwa kupunguza nyuzi hakuwezi kushusha ukinzani.

Sasa pale wengi wanapoteleza. Wakishapata nusu, wanaitaka na pembe ya jicho, fundo la mshazari. Wanasema: miliampia 1 imefika kwa jirani wa A, mbele yake kuna nyuzi tatu, basi theluthi kila mmoja. Wanapata omu 667. Jibu sahihi ni 2,000 kugawa kwa pai, karibu omu 637. Jirani yule haoni pande tatu zinazofanana. Ulinganifu unamwambia tu kwamba nyuzi mbili za ubavuni ni sawa. Ule unaoendelea mbele hubeba miliampia 0.454, za ubavuni 0.273 kila mmoja.

Tofauti ya 667 na 637 ni chini ya asilimia tano, na rezista za kawaida zina uvumilivu wa asilimia tano, kwa hiyo usiitegemee mita ikuumbue. Kosa hujionyesha kwenye karatasi. Kwa theluthi zile, fundo la pili mbele kwenye mstari wa A nalo linatoka 667, sawasawa na la mshazari, ilhali liko mbali zaidi. Ukinzani wake halisi ni omu 727.